Njiwa wa Nuhu na majengo ya kitenzi cha Kiebrania

Kitenzi cha Kiebrania husimama juu ya mzizi wa konsonanti, kwa kawaida tatu. Mzizi wenyewe hausemwi peke yake. Hubeba wazo la jumla tu, na wazo hilo hupata mwelekeo pale konsonanti zinapotiwa irabu, zinapokazwa au zinapoongezewa kiambishi kwa utaratibu maalumu. Kila utaratibu wa namna hiyo wanasarufi wa Kiebrania huuita binyani, maana yake jengo. Majengo makuu ni saba: Kal, Nifal, Piel, Pual, Hifil, Hofal na Hitpael. Ukiacha Kal, ambalo maana yake ni jepesi, majina haya yote yameundwa kwa mzizi wa kitenzi cha kutenda, p-'-l, uliovishwa umbo la jengo linalohusika. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa, kwa kuwa sarufi ya Kiswahili hufanya vivyo hivyo inapozungumzia kauli ya kutenda, kutendwa, kutendeka, kutendana na kutendesha.

Tofauti iko katika mahali alama inapokaa. Kiswahili hubadilisha maana kwenye mkia wa kitenzi: rudi, rudisha, rudishwa. Kiebrania kwa sehemu kubwa hubadilisha maana ndani ya neno, katika irabu na katika uzito wa konsonanti ya kati. Kwa sababu hiyo, anayeandika tafsiri ya neno kwa neno chini ya aya ya Kiebrania hawezi kuutambua mzizi na kuishia hapo. Akijua mzizi bila kujua jengo, atakuwa na nusu ya neno, na nusu hiyo inaweza kumpoteza.

Mfano mzuri wa kulionyesha jambo hili ni masimulizi mafupi ya njiwa katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 8, hasa aya ya 8 na ya 9. Kisa chenyewe kinajulikana. Maji ya gharika yameanza kupungua, Nuhu anamtoa njiwa ili ajue kama nchi imekauka, njiwa anakosa mahali pa kutua, anarudi safinani, Nuhu ananyosha mkono, anamshika na kumwingiza ndani. Lugha ya kisa hiki ni nyepesi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuisoma. Hata hivyo, ndani ya aya hizo mbili mzizi mmoja unatokea katika majengo mawili tofauti, na mzizi mwingine unatokea katika jengo moja hapo, kisha katika jengo jingine aya mbili mbele.

Mzizi wa kwanza ni sh-l-kh, wenye wazo la kutuma au kupeleka. Katika aya ya 8 Nuhu anamtoa njiwa, na kitenzi ni vayeshallakh. Katika aya ya 9 Nuhu ananyosha mkono, na kitenzi ni vayishlakh. Maneno haya mawili, yakiandikwa kama yalivyoandikwa kwenye hati za kukunja za zamani, yaani bila alama za irabu, hayana tofauti hata kidogo. Yote mawili ni herufi tano zilezile kwa mpangilio uleule: vav, yod, shin, lamed, khet. Vav ya mwanzo ni kiunganishi cha masimulizi, na kazi yake inakaribiana sana na -ka- ya Kiswahili katika "akatoa, akanyosha, akamshika". Yod inaonyesha nafsi ya tatu, umoja, jinsia ya kiume. Herufi tatu zilizobaki ni mzizi. Kwa jicho la kawaida, neno limerudiwa tu.

Tofauti huonekana katika alama ndogo za nukta na vistari ambazo ziliwekwa juu, chini na ndani ya herufi na Wamasoreti, wataalamu wa Kiyahudi waliohifadhi usomaji wa maandiko kati ya karne ya 7 na ya 10 baada ya Kristo, hasa katika mji wa Tiberia kando ya ziwa la Galilaya. Katika aya ya 8, chini ya yod kuna alama ya irabu hafifu sana, karibu isiyosikika, na ndani ya lamed kuna nukta inayoonyesha kwamba herufi hiyo imekazwa: l mbili badala ya moja. Hizo ndizo dalili mbili za Piel katika umbo hili la kitenzi. Katika aya ya 9, chini ya yod kuna irabu i kamili, shin haina irabu, na lamed haina nukta. Hiyo ni Kal, jengo la msingi lisiloongezwa chochote.

Kwa muda mrefu vitabu vya sarufi vilifundisha kwamba Piel ni jengo la msisitizo: kitendo kilekile cha Kal, ila kwa nguvu zaidi. Mfano unaopendwa na walimu ni mzizi sh-b-r. Katika Kal ni kuvunja, katika Piel ni kuvunjavunja, kuvunja vipande vipande. Musa anapozivunja mbao za mawe chini ya mlima, katika Kutoka 32:19, kitenzi ni Piel. Mfano huu ni wa kweli, na Kiswahili kinauchukua bila shida kwa kukariri shina. Ubaya wake ni kwamba unakaa vizuri mno kichwani. Mwanafunzi aliyeufahamu huanza kuupeleka kila mahali, na akifika kwenye njiwa wa Nuhu huandika kwamba Nuhu "alimtuma kwa nguvu" au "alimtuma kwa msisitizo". Katika kisa hakuna nguvu yoyote. Nuhu anamfungulia ndege.

Shaka juu ya neno "msisitizo" iliingia rasmi katika taaluma mwaka 1942, Albrecht Goetze alipochapisha makala akionyesha kwamba jina hilo halieleweshi kazi ya jengo hili katika lugha za Kisemiti. Mwaka 1968 Ernst Jenni alitoa kitabu kizima kuhusu Piel ya Kiebrania. Hoja waliyoijenga, kwa maneno mepesi, ni kwamba Piel mara nyingi haitazami mwendo wa kitendo bali hali inayopatikana mwishoni. Kitenzi ambacho katika Kal kinaeleza hali, kwa Piel hueleza kumfikisha mtu au kitu kwenye hali hiyo. Mzizi g-d-l katika Kal ni kuwa mkubwa au kukua, na katika Piel ni kukuza, kulea. Mzizi '-b-d katika Kal ni kupotea au kuangamia, na katika Piel ni kuangamiza. Hata kuvunjavunja kunaingia humo: kinachotazamwa ni vipande vilivyobaki chini.

Kiswahili kinahifadhi kumbukumbu ya utaratibu huu bila wengi kuutambua. Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania, nacho hukaza konsonanti ya kati kwa kazi inayofanana. Kutokana na mzizi wa kujua, Kiarabu hutoa jina ilm, ambalo Kiswahili kimelifanya elimu. Mzizi huohuo ukikazwa katikati hutoa kitenzi cha kufundisha, yaani kumfanya mtu awe mjuzi, na mwenye kufanya hivyo huitwa muallim, ambaye ndiye mwalimu. Kiswahili kimeuondoa mkazo wa l, lakini uhusiano wa maana kati ya elimu na mwalimu ndio uhusiano kati ya jengo jepesi na jengo lililokazwa. Kiebrania kina jozi inayokaribiana nayo kwa mzizi wake chenyewe, l-m-d: Kal ni kujifunza, Piel ni kufundisha.

Kwa mtazamo huo, sh-l-kh hufunguka. Katika Kal, mtumaji hakiachi anachokituma. Mjumbe anayetumwa amebeba neno la bwana wake na anatarajiwa kurudi na jibu. Mkono unaonyoshwa bado uko mwilini mwa mwenyewe. Katika Piel, kinachotumwa kinaondoka mikononi mwa mtumaji na kubaki katika hali ya kuachiwa. Ndiyo maana Piel ya mzizi huu ndiyo inayotumika Musa anapomtaka Farao awaachie watu waende zao, ndiyo inayotumika katika Kumbukumbu la Torati kuhusu mtumwa anayepewa uhuru baada ya miaka sita, na ndiyo inayotumika humo kuhusu mume anayempa mke hati ya talaka na kumwondoa nyumbani. Katika Mwanzo 18:16, Ibrahimu anatembea na wageni wake ili awasindikize, na hapo pia ni Piel: anawaaga waende.

Kwa hiyo chini ya neno vayeshallakh la aya ya 8, anayeandika tafsiri ya neno kwa neno ataweka: na, yeye wa kiume, achilia, Piel, masimulizi. Katika tafsiri ya kawaida itakuwa "akamwachilia njiwa". Chini ya vayishlakh la aya ya 9 ataweka: na, yeye wa kiume, nyosha, Kal, masimulizi, na tafsiri itakuwa "akanyosha mkono wake". Atakayeweka "akatuma" mahali pote pawili atakuwa mwaminifu kwa mzizi na mkosefu kwa neno. Katika kisa kizima, kuanzia aya ya 7 hadi ya 12, Piel ya mzizi huu inatokea mara nne, moja kwa kunguru na tatu kwa njiwa. Kal inatokea mara moja tu, kwa mkono. Msimulizi hakuchanganya hata mara moja. Ndege wanaachiliwa waende watakakokwenda, ila mkono unatoka nje ya safina na kurudi ukiwa na ndege.

Baada ya mkono huo kunyoshwa na njiwa kushikwa, kinafuata kitenzi cha pili kinachostahili kutazamwa kwa karibu: vayave. Mzizi wake ni b-v-', ambao katika Kal ni kuja au kuingia. Hapa uko katika Hifil, jengo la kusababisha, ambalo kazi yake inafanana sana na kauli ya kutendesha. Kitu muhimu cha kuangalia katika Hifil ni idadi ya wahusika. Kitenzi cha kuingia kina mhusika mmoja, yule anayeingia. Kikitiwa katika Hifil anaongezeka mhusika wa pili, anayesababisha, naye hukamata nafasi ya kiima. Yule wa kwanza anasogezwa na kuwa yambwa, ingawa bado ndiye anayeingia. Nuhu ndiye anayetenda, njiwa ndiye anayeingia. Kiswahili kina neno lililoundwa hivyohivyo: ingia, ingiza. Tafsiri ya "akamleta" haina kosa la maana, lakini "akamwingiza kwake safinani" inaonyesha jengo lenyewe, na katika kazi ya neno kwa neno inafaa zaidi.

Hifil ya kawaida hujulikana kwa h yake ya mwanzo, kama jina lenyewe linavyoonyesha. Lakini kiambishi cha nafsi kikija mbele, h hiyo humezwa, na katika mizizi dhaifu kama huu, wenye herufi ya kati isiyo na nguvu, hakuna alama ya wazi inayobaki katika konsonanti. Vayave, akamwingiza, na vayavo, akaingia, huweza kuandikwa kwa herufi zilezile nne: vav, yod, bet, alef. Irabu ya kwanza baada ya yod ni ileile pia. Kinachotofautisha ni irabu ya mwisho peke yake, e kwa Hifil na o kwa Kal.

Msomaji asiye na alama za irabu, au aliyezichoka macho, anajuaje? Sarufi ya sentensi humsaidia. Baada ya vayave linafuata neno otah, linaloundwa na alama ya yambwa ya Kiebrania pamoja na kiambishi cha nafsi ya tatu ya kike, yaani yule njiwa, kwa kuwa jina la njiwa ni la kike katika Kiebrania. Kuingia hakuchukui yambwa ya aina hiyo. Pakiwa na yambwa, lazima pawe na mtu anayeingiza. Aya mbili mbele mambo yanageuka. Katika aya ya 11 njiwa anarudi jioni akiwa na jani la mzeituni, na kitenzi ni vatavo, chenye herufi vav, tav, bet, alef. Herufi hizo hizo zingeweza kusomwa vatave, akaleta, na maana ingeonekana inafaa kabisa, kwa sababu njiwa kweli amebeba kitu. Ila sentensi haikubali. Baada ya kitenzi linatajwa anakokwenda njiwa, kisha njiwa mwenyewe, kisha wakati, halafu linakuja neno hineh, tazama, linaloanzisha kauli mpya. Jani liko ng'ambo ya neno hilo na haliwezi kuwa yambwa ya kitenzi. Kwa hiyo ni Kal: njiwa akaja. Jani linaonekana kwa macho ya Nuhu baadaye kidogo, na mshangao wa hineh unahifadhiwa. Anayetafsiri "njiwa akaleta jani" anaupoteza mpangilio huo, na mpangilio huo ndio uzuri wa aya.

Usomaji wa Hifil katika aya ya 9 haukubuniwa na Wamasoreti. Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki huko Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo, miaka mingi sana kabla alama za irabu hazijakuwepo, waliweka hapo kitenzi cha Kigiriki cha kuingiza, na kwa mkono wakaweka kitenzi cha kunyosha. Waliyasoma majengo hayo kwa sikio na kwa mantiki ya sentensi, na Wamasoreti walikuja kuyaandika.

Linganisho jingine dogo liko ndani ya aya ya 9 yenyewe. Kabla Nuhu hajanyosha mkono, njiwa anarudi, na kitenzi cha kurudi, mzizi sh-v-b, kiko katika Kal. Kingewekwa katika Hifil, ingekuwa kwamba mtu fulani amerudishwa. Njiwa anarudi kwa hiari yake hadi kwenye safina, na hapo hiari yake inaishia. Kuingia kunafanywa na Nuhu. Kal na Hifil zimegawana kazi ndani ya aya moja.

Majengo mengine yanapita haraka katika masimulizi haya, na yanatosha kutajwa. Katika aya ya 2, chemchemi za vilindi zinafungwa na mvua inazuiwa, vitenzi vyote viwili vikiwa katika Nifal, ambalo mara nyingi hutoa kauli ya kutendwa au kutendeka, na hakuna anayetajwa kuwa mtendaji. Katika 6:9 Nuhu anatajwa kwamba alikwenda pamoja na Mungu, na kitenzi cha kwenda kiko katika Hitpael, jengo ambalo kwa mzizi huo huleta wazo la kwenda huku na huku, mwenendo wa siku zote.

Dalili za majengo zina mitego yake. Piel hujulikana kwa kukazwa kwa konsonanti ya kati, lakini herufi za kooni na herufi resh hazikazwi. Baada ya gharika, katika 9:1, Mungu anambariki Nuhu, na kitenzi ni vayevarekh, ambacho ni Piel ingawa hakuna mkazo wowote unaosikika. Konsonanti ya kati hapo ni resh. Badala ya kukazwa kwake, irabu iliyotangulia imerefushwa. Anayetafuta nukta tu na asipoiona akaandika "Kal" atakuwa amekosea, na kosa hilo hugunduliwa kwa kuangalia yod, ambayo bado ina ile irabu hafifu ya Piel.

Mtego mkubwa zaidi ni wa maana, kwa sababu jengo halitoi maana kwa hesabu. Mizizi mingine haina Kal ya kawaida ya kulinganishwa nayo. Kitenzi cha kutafuta, bikkesh, ni Piel, na hakuna "kutafuta kwepesi" kwa Kal ambako kingeweza kukazwa. Mizizi mingine ina Piel na Hifil pamoja, na wataalamu wanabishana iwapo tofauti ipo kila mahali. Kwa hiyo kamusi nzuri za Kiebrania cha Biblia, kama ile ya Brown, Driver na Briggs ya mwaka 1906, haziorodheshi maana chini ya mzizi kwa jumla. Chini ya kila mzizi hupanga majengo moja moja, na kila jengo hupewa maana zake na mahali linapotokea. Hatua sahihi ni kutambua mzizi, kutambua jengo kwa alama zake, kuhesabu wahusika katika sentensi, na baada ya hapo kufungua kamusi kwenye jengo hilo.

Kisa cha njiwa chenyewe kina mfano wa mpaka huo. Katika aya ya 10 Nuhu anamwachilia njiwa mara nyingine, na Kiebrania kinaeleza "tena" kwa kitenzi cha kuongeza, mzizi y-s-f: akaongeza kumwachilia. Umbo ni vayosef, Hifil. Katika aya ya 12 njiwa harudi tena, na hapo mzizi huohuo unatumika kwa kazi hiyohiyo: hakuongeza kurudi. Umbo ni yasfah, Kal. Nuhu katika aya ya 10 hamfanyi mtu mwingine aongeze chochote. Hakuna mhusika wa ziada, na Hifil haina kusababisha kokote kunakoonekana. Katika mstari wa neno kwa neno, mwandishi ataandika "ongeza, Hifil" mahali pa kwanza na "ongeza, Kal" mahali pa pili, kwa sababu ndivyo maumbo yalivyo. Katika tafsiri chini yake ataandika "tena" pote pawili.